Tofauti ya Shilingi 1,750

Hesabu zikipishana kwa shilingi laki tatu, sipati wasiwasi. Tofauti kubwa kiasi hicho huwa na sababu kubwa, na sababu kubwa haina pa kujificha: mshahara umeandikwa mara mbili, au kodi ya nyumba imelipwa kutoka akaunti nyingine. Utapitia mistari ya mwezi mzima kwa dakika chache na kuiona. Tofauti inayoniweka macho ni ile ndogo, ya elfu moja na kitu, ambayo mtu huitazama, akashusha pumzi, akasema si neno, kisha akaongeza mstari wa mwisho kwenye lahajedwali lake, akauita "Mengineyo", na hesabu ikakaa sawa.

Wanaoshawishika zaidi kuuweka mstari huo ni wale wale wanaotunza kumbukumbu zao kwa bidii, wanaoandika nauli, unga, vocha na michango ya harusi. Wamekwisha kufanya kazi kubwa, na kilichobaki kinaonekana kidogo mno kusumbukia. Lakini tofauti kati ya jumla mbili haikuambii ukubwa wa kosa lililopo. Inakuambia tu kilichosalia baada ya makosa yote ya mwezi kuongezana na kupunguzana. Makosa mawili ya elfu hamsini, moja likivuta juu na jingine likivuta chini, yataacha sifuri, na sifuri itapokelewa kwa furaha.

Kabla ya kuingia ndani, inafaa kukumbuka kwamba jedwali lako na taarifa ya benki havisimulii jambo moja. Jedwali linaandika ulichofanya, siku uliyokifanya, kwa maneno yako. Benki inaandika kilichopita kwenye akaunti, siku kilipopita, na haijui wala haijali kama kilikuwa mchele au dawa. Kwa hiyo hata pande zote mbili zikiwa safi kabisa, zina haki ya kutofautiana. Benki inajua makato ambayo wewe hukuyaandika. Wewe unajua malipo ambayo yenyewe haijayapokea. Tofauti za namna hii ni halali, zinatakiwa kutajwa tu. Zinazobaki baada ya hizo ndizo makosa. Kazi nzima ya kulinganisha ni kutenganisha hizi mbili, na haiwezekani kuzitenganisha kwa kutazama jumla ya mwisho.

Nina mfano wa mwezi Agosti, wa dada yangu, ambaye ni mwalimu Morogoro na hutunza matumizi yake kwenye Ekseli kwa uangalifu ambao ningependa watu wengi wawe nao. Jedwali lake lina safu za Tarehe, Maelezo, Akaunti, Kuingia na Kutoka. Safu ya Akaunti ndiyo inayolifanya jedwali hilo liweze kulinganishwa na chochote, kwa sababu fedha zake ziko mahali patatu: benki, simu, na mkononi. Akitoa shilingi 100,000 kwenye ATM, haandiki matumizi. Anaandika kwamba laki imetoka Benki na laki imeingia Mkononi. Nyanya na nauli atakazolipa baadaye zitaandikwa kama zimetoka Mkononi. Asiyefanya hivyo huandika laki nzima kama matumizi, kisha akaandika na nyanya, na fedha ile ile ikahesabiwa mara mbili. Vivyo hivyo anapohamisha fedha kutoka benki kwenda kwenye simu. Watu wengi wanaolalamika kwamba "benki hailingani" hawajafikia hata hatua ya kulinganisha, kwa kuwa wameweka mifuko mitatu kwenye hesabu moja na taarifa waliyonayo ni ya mfuko mmoja.

Tulichuja mistari ya Benki peke yake na kuinakili kwenye karatasi mpya ya jedwali. Kunakili kuna sababu. Ukichuja tu na kuiacha fomula ya `SUM` pale chini, itaendelea kujumlisha hata mistari iliyofichwa na chujio, na utakuwa unalinganisha benki na jumla ya mifuko yote huku macho yako yakiona mistari ya benki tu. Ipo fomula ya `SUBTOTAL` inayohesabu mistari inayoonekana peke yake, lakini kwa kazi ya mara moja kwa mwezi napenda karatasi tofauti, isiyo na kilichofichwa.

Salio la kuanzia tarehe 1 lilikuwa shilingi 412,300 pande zote mbili. Hilo ni la kuangalia kabla ya kitu kingine chochote, maana salio la kuanzia likipishana, kosa liko Julai au nyuma zaidi, na utalitafuta kwenye Agosti usiku kucha bila kulipata. Salio la kufungia tarehe 31 lilikuwa shilingi 286,400 kwenye jedwali na 284,650 kwenye taarifa ya benki. Tofauti ilikuwa shilingi 1,750.

"Hayo ni makato ya benki tu, mdogo wangu," dada akasema. "Andika tusonge mbele."

Ilikuwa dhana ya busara. Jedwali lilionyesha fedha nyingi kuliko benki, jambo ambalo makato yasiyoandikwa hulifanya kila mara, na kiasi chenyewe kilifanana na makato. Tatizo la dhana nzuri ni hilo, kwamba inakaribia kutosha. Nikamwomba tuangalie kwanza tarehe 16.

Taarifa ya benki ina safu moja ambayo watu huiruka kwa sababu imejaa tarakimu: safu ya mwisho, ya salio baada ya kila muamala. Safu hiyo maana yake ni kwamba benki haikupi jumla moja mwishoni mwa mwezi. Inakupa jumla nyingi, moja kwa kila mstari. Ukiwa na salio kama hilo upande wako, unaweza kuzilinganisha pande mbili siku yoyote uitakayo, na badala ya kuuliza tofauti ni kiasi gani, ukauliza ilizaliwa lini. Tukaweka salio la kwanza kwenye seli H1, na fomula hii kwenye safu ya F, tukaiburuta hadi chini:

```
=$H$1+SUM(D$2:D2)-SUM(E$2:E2)
```

D ni Kuingia, E ni Kutoka. Alama ya dola mbele ya 2 inashikilia mwanzo wa jumla mahali pamoja, huku mwisho wake ukishuka mstari kwa mstari.

Jioni ya tarehe 16, tofauti haikuwa 1,750. Ilikuwa shilingi 48,250.

Dada alinyamaza kidogo, kisha akavuta kiti karibu. Akaunti ambayo mwisho wa mwezi ilionekana imepotoka kwa nauli ya siku moja, katikati ya mwezi ilikuwa imepotoka kwa karibu elfu hamsini, halafu kitu kingine kikaja kuifunika. Hakuna mtu anayeweza kuliona hili kwenye jumla ya mwisho. Ungeweza kuitazama 1,750 mwaka mzima.

Kutoka hapo hatukusoma mistari yote. Tulikata mwezi vipande. Tarehe 8 tofauti ilikuwa 2,750 tu, kwa hiyo jambo kubwa lilitokea kati ya tarehe 8 na 16. Tarehe 24 ilikuwa 27,000, yaani kati ya 16 na 24 kuna kitu kilichoivuta chini. Tarehe 30 ilikuwa 28,250, na siku moja baadaye, 1,750. Hivyo kuna kitu kikubwa tarehe 31. Kwa kuangalia siku nne tu, tulijua vipindi vitatu vya kuchunguza, na tulijua upande ambao kila kimoja kilivuta.

Halafu tukavifungua siku kwa siku, tukiandika tofauti iliruka kwa kiasi gani. Miruko midogo ilikuwa mingi na yote ilivuta upande mmoja: 1,500 tarehe 3, tarehe 15 na tarehe 24, siku alizotoa fedha kwenye ATM, kisha 1,250 tarehe 6, 17 na 28, siku alizohamishia fedha kwenye simu. Tarehe 31 kulikuwa na 3,500 ya uendeshaji wa akaunti. Haya ndiyo makato aliyoyadhania dada, na alikuwa sahihi kwamba yapo. Jumla yake ni shilingi 11,750. Tungeandika makato 1,750 kama alivyotaka, tungekuwa tumeandika chini ya moja ya sita ya makato ya kweli, na angeendelea kuamini kwamba akaunti yake humgharimu elfu mbili kwa mwezi wakati inamgharimu karibu elfu kumi na mbili. Kwa mwaka, hiyo ni tofauti ya shilingi laki moja na ishirini. Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, Watanzania wengi walianza kusoma mistari ya makato kwa jicho kali, na nasikitika kwamba desturi hiyo imefifia kwa wengi, maana kodi na ada bado huja kwa mistari yake yenyewe, midogo midogo, chini ya kila muamala.

Makato yakiandikwa kila moja kwa tarehe yake, miruko midogo yote hutoweka na mikubwa inabaki imesimama peke yake. Ilibaki minne.

Wa kwanza ulikuwa tarehe 9, shilingi 35,000. Siku hiyo dada alilipia tuisheni ya mtoto, shilingi 35,000, na mstari upo kwenye jedwali, na kiasi ni kile kile, na benki nayo inao. Mruko unaolingana na mstari mzima mara nyingi una maana moja: upande mmoja haujauhesabu. Tulikuwa tunauona, fomula haikuwa inauona. Dada alikuwa ameandika kiasi hicho kama tunavyoandika kwenye risiti na kwenye kadi za michango, `35,000/=`. Kwa Ekseli, mkwaju na alama ya sawasawa vinageuza namba kuwa maandishi, na `SUM` hukutana na maandishi ikayapita kimya, bila onyo. Ingekuwa fomula yetu imetumia alama ya kutoa moja kwa moja kwenye seli ile, ingepiga kelele kwa `#VALUE!`, na kelele hiyo ingetusaidia. Ukimya wa `SUM` ndio hatari.

Dalili yake kwa macho ni kwamba namba hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi hukaa kushoto, ilimradi hujabadilisha mpangilio mwenyewe. Dada alikuwa amepanga safu nzima katikati ili ipendeze, hivyo dalili ilikuwa imefutika. Njia ya uhakika ni kuhesabu seli kwa namna mbili:

```
=COUNTA(E2:E60)-COUNT(E2:E60)
```

`COUNTA` huhesabu kila seli yenye kitu, `COUNT` huhesabu zenye namba tu. Jibu lisipokuwa sifuri, kuna seli inayojifanya namba. Kwake jibu lilikuwa 1. Siku hizi huiweka fomula hiyo juu ya kila safu ya fedha na kuitazama kabla ya kuitazama jumla. Hitilafu hiyo hiyo huja na taarifa iliyopakuliwa kutoka benki, hasa kiasi kinapokuwa na nafasi tupu mbele yake au herufi TZS zimeshikamana nacho, na huko inaweza kuwa safu nzima.

Mruko wa pili ulikuwa tarehe 12, shilingi 9,000. Hakukuwa na mstari wa 9,000 popote. Lakini 9,000 inagawanyika kwa tisa, na hiyo ni habari. Mtu akizigeuza tarakimu mbili zinazofuatana, akaandika 45 mahali pa 54, tofauti itakuwa tisa au kigawe cha tisa siku zote, kwa sababu tarakimu iliyohama kutoka makumi kwenda mamoja imepoteza mara tisa ya thamani yake, na ile iliyopanda imeipata mara tisa ya kwake. Mambo huwa hivyo hivyo sifuri inapozidi au kupungua: 50,000 iliyoandikwa 5,000 inaacha 45,000, ambayo ni mara tisa ya 5,000. Tukatazama siku hiyo kwa kitu kinachoweza kugeuka, na pale palikuwa na mtungi mkubwa wa gesi, umeandikwa 45,000. Benki ilikuwa na 54,000. Ujumbe wa malipo ulikuwa bado kwenye simu, 54,000.

Wa tatu ulikuwa tarehe 20, na ulivuta upande wa pili, shilingi 24,000. Mruko huu, peke yake, ulilifanya jedwali lionyeshe pungufu kuliko benki. Kiasi kinapoandikwa upande usio wake, cha kuingia kikawekwa kutoka, tofauti huwa mara mbili ya kiasi chenyewe, maana kimeondolewa mahali ambapo kilitakiwa kuongezwa. Nusu ya 24,000 ni 12,000. Siku hiyo duka moja la vitambaa lilimrudishia shilingi 12,000, kwa sababu kitambaa alichokilipia kilikuwa kimekwisha. Dada alikiandika kwa usahihi wote, tarehe, jina la duka, kiasi, isipokuwa safu. Mkono umezoea safu ya Kutoka, kwa kuwa karibu kila kitu huandikwa huko.

Ningependa msomaji aone hapa jinsi dalili hizi za tisa na za nusu zilivyokuwa bubu mbele ya jumla ya mwisho. 1,750 haigawanyiki kwa tisa. Nusu yake ni 875, na hakuna mstari wa 875. Mwenye kuzijua dalili hizi angejaribu zote mbili, angekosa, na angeacha kuziamini. Dalili hizi husema kweli pale kosa linapokuwa moja tu. Makosa matatu yakichanganyika pamoja na makato, dalili zao hufutana. Faida ya kufuata salio siku kwa siku ni hiyo hasa: inayatenganisha makosa hadi kila moja lisimame na tarehe yake, ndipo dalili zake zisomeke.

Mruko wa nne, wa tarehe 31, haukuwa kosa la mtu. Ukiondoa ile 3,500 ya uendeshaji wa akaunti, tofauti ilivutwa chini kwa 30,000. Tarehe 31 ilikuwa Jumamosi, na jioni ile dada alilipa 30,000 kwa kadi kwenye duka la dawa. Jedwali lake likaiandika saa ile ile. Benki iliyashikilia malipo hayo lakini haikuyaingiza kwenye vitabu mpaka Jumatatu. Aplikesheni nyingi za benki huonyesha masalio mawili kwa sababu hii, lile la vitabuni na lile unaloweza kulitumia, la pili likiwa limekwisha kuondoa kilichoshikiliwa. Taarifa ya mwezi hufuata lile la vitabuni. Anayechukua hilo la pili kwenye aplikesheni usiku wa Jumamosi na kulilinganisha na taarifa iliyochapishwa atapata tofauti ambayo haipo kwenye akaunti wala kwenye jedwali.

Kosa linalofanyika sana hapa ni kusahihisha jedwali: kuifuta 30,000 ya Agosti na kuiandika tena Septemba, ili Agosti ilingane. Sikubaliani nalo hata kidogo. Dawa zilinunuliwa Agosti, fedha hizo si zake tena tangu Jumamosi ile, na jedwali lilikuwa sahihi. Kinachohitaji kurekebishwa ni salio la benki, kwenye karatasi ya ulinganisho, kwa mstari unaosema malipo haya yamefanyika na benki bado haijayaingiza. Wahasibu wamefanya hivyo na hundi kwa muda mrefu, kwani hundi iliyoandikwa leo inaweza kufikishwa benki wiki ijayo. Kadi na simu zimefupisha muda huo, hazijauondoa.

Kwa hiyo hesabu ya mwisho ina pande mbili, na kila upande unasahihishwa kwa yale yanayouhusu tu. Upande wa jedwali: 286,400, toa makato 11,750, toa tuisheni 35,000 ambayo haikuhesabiwa, toa 9,000 ya gesi iliyogeuzwa, ongeza 24,000 ya kitambaa. Inabaki 254,650. Upande wa benki: 284,650, toa 30,000 ya duka la dawa. Inabaki 254,650.

Tulizitazama namba hizo mbili kwa muda. Jedwali lilikuwa limesema dada ana 286,400. Benki, kwa karatasi rasmi yenye nembo, ilikuwa imesema ana 284,650. Fedha alizokuwa nazo kweli zilikuwa 254,650, karibu elfu thelathini chini ya kauli zote mbili. Wengi tunadhani kulinganisha ni kulirudisha jedwali kwenye kauli ya benki, kana kwamba benki ndiyo hakimu. Lakini salio ambalo mtu anaweza kulipangia matumizi halikuwa limeandikwa upande wowote. Lilipatikana kwa kuhoji pande zote mbili, na mstari wa "Mengineyo" ungetuzuia kulifikia milele, kwa sababu ungezifanya kauli mbili zisizo kweli zikubaliane.

Mara nyingine benki yenyewe ndiyo iliyokosea, na hilo nalo lina sura yake. Mistari miwili yenye kiasi kimoja na tarehe moja si lazima iwe kosa, maana mtu anaweza kununua mara mbili. Tazama namba ya muamala ya kila mstari na ulizo nazo kwenye ujumbe wa simu. Una ujumbe mmoja na benki ina mistari miwili? Subiri siku chache uone kama mstari wa marejesho utakuja, kama unavyokuja mara nyingi ATM inapokata fedha kwenye akaunti bila kuzitoa. Wakati unasubiri, mstari uliozidi ukae kwenye orodha ya ulinganisho kwa jina na namba yake. Marejesho yasipokuja, unakwenda tawini ukiwa na tarehe, saa, kiasi na namba ya muamala, na malalamiko yenye vitu hivyo vinne hushughulikiwa tofauti na malalamiko ya "fedha zangu hazilingani".

Ulinganisho ukishakamilika, kuna mambo ambayo hauyathibitishi, na afadhali kuyajua. Benki imethibitisha kwamba 54,000 ilitoka tarehe 12. Haikuthibitisha kwamba ilikuwa gesi. Mstari ukiwekwa kwenye fungu la chakula badala ya nishati, salio halitatikisika hata senti moja. Na mfuko wa Mkononi hauna taarifa ya benki kabisa. Kwa fedha taslimu unaweza kuhesabu noti zilizopo na kulinganisha na jedwali, lakini zikipungua 4,000 hakuna pa kwenda kuuliza zilitoka siku gani. Huko, na huko peke yake, naukubali mstari wa "Mengineyo", uandikwe wazi kwamba ni fedha zisizojulikana zilikokwenda. Kwenye benki kuna shahidi wa pili aliyeandika kila siku. Kumpita na kuandika makisio ni kukataa kuuliza swali ambalo jibu lake lipo.

Septemba ya dada ilianza na masalio mawili yasiyolingana, 254,650 kwenye jedwali na 284,650 benki, na safari hii hakuna aliyeshtuka, kwa sababu tofauti nzima ya 30,000 ilikuwa mstari mmoja wenye jina la duka la dawa na tarehe yake. Jumatatu tarehe 2 mstari ule ukaonekana benki, akautiki, na pande zikalingana. Siku iliyofuata alitoa laki kwenye ATM, na jioni ile ile, bila kungoja mwisho wa mwezi, aliandika mstari wa laki na chini yake mstari wa 1,500.